Naomba ushauri: bisi za chini zinaungua kabla punje zote hazijapasuka

Habari wakuu. Natumia sufuria nyepesi ya alumini ya lita 3, mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula na mahindi ya bisi nusu kikombe. Natanguliza punje 3 kwenye mafuta kwa moto wa wastani. Zikipasuka naepua, namimina mahindi yote, nasubiri sekunde 30 nje ya moto ili yapate joto kwa pamoja, kisha narudisha jikoni. Natikisa kwa kuvuta sufuria mbele na nyuma, mfuniko ukiwa wazi kidogo, maana mvuke ukibaki ndani bisi zinakuwa ngumu kama mpira.

Shida iko mwishoni. Nikisubiri milio ipishane kwa sekunde 2, za chini zimeshaungua. Nikiepua mapema, punje nyingi zinabaki nzima. Nashuku sufuria nyembamba inapata moto mkali katikati tu, na bisi zikishajaa, kutikisa hakusogezi tena punje za chini.

Je, nipunguze moto milio inapokolea, au nipunguze mahindi hadi robo kikombe? Wenye sufuria nzito, mnaona tofauti?