Mjadala: Mipaka tuliyorithi, mahakama inaipimaje?

Binti Ngamiani: Wadigo wapo Vanga, Kenya, na wapo Jasini, Tanzania, ukoo mmoja. Mstari wamechora Mwingereza na Mjerumani mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba. Mahakama za leo zinaung'ang'ania wa nini?

Pongwe: Zinafuata ramani tu. Ukiwa na ramani ya mkoloni mkononi, kesi umeshinda.

Mzee wa Raskazone: Pongwe, hapo umepata nusu. Tazama kesi ya Burkina Faso na Mali, iliyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague, mwaka 1986. Wote walitawaliwa na Mfaransa, kwa hiyo mpaka wao ulikuwa wa kiutawala tu. Uhuru ndio ulioufanya wa kimataifa. Majaji waliuliza: mwaka 1960 mstari ulikuwa wapi? Swali hilo likawarudisha nyuma, maana Mfaransa aliifuta Volta ya Juu, ndiyo Burkina Faso ya leo, mwaka 1932, akawagawia majirani, kisha mwaka 1947 akairudisha kwa mipaka ileile ya 1932.

Hapo kinachotangulia ni andiko: sheria, amri ya gavana. Ramani iliyoambatanishwa na amri ina nguvu ya amri. Isiyoambatanishwa ni shahidi tu. Ramani ya Wafaransa ya kipimo cha 1:200,000 iliamua pale tu ushahidi mwingine ulipokosekana au haukutosha. Na bwana shauri aliyekusanya kodi ng'ambo ya mstari? Andiko likiwa wazi, kodi yake haiuhamishi mpaka. Likiwa na utata, ndipo matendo yake yanasaidia kulifasiri.

Pongwe: Na pasipo na andiko?

Mzee wa Raskazone: Hilo lilitokea kwenye bwawa la Soum. Mwaka 1965 maofisa wa pande mbili walikubaliana kuligawa, lakini wakubwa wao hawakuidhinisha. Mahakama haikuyachukua makubaliano yale kuwa mpaka, ila ililikata bwawa nusu kwa nusu kwa kutumia haki.

Binti Ngamiani: Wadigo bado hawajaulizwa.

Mzee wa Raskazone: Kweli. Majaji wenyewe walikiri kwamba kanuni hii ya kubaki na mipaka ya siku ya uhuru, uti possidetis, inagongana na haki ya watu kujiamulia. Wakategemea uamuzi wa marais wa Afrika, Kairo 1964, ambao Nyerere ndiye aliyeuleta. Somalia na Moroko waliukataa. Mimi naona waliogopa vita, na sioni kwamba walikosea. Lakini hilo si jibu kwa Wadigo.

Mwambani: Basi kwa kanuni hiyo Ziwa Nyasa ni letu nusu!

Mzee wa Raskazone: Taratibu. Mkataba wa 1890 unauweka mpaka ufukweni kwetu, na Malawi inaushikilia huo. Sisi inabidi tuonyeshe kuwa Mwingereza, alipotawala kote kuwili, aliusogeza kihalali kabla ya Desemba 1961. Ramani zake zinapingana.

Mwambani: Na watu wa Mbamba Bay wanaovua miaka yote hii?

Mzee wa Raskazone: Uvuvi wa baada ya uhuru hauusogezi mstari, mpaka Malawi iwe imekubali. Na haijakubali.

Pongwe: Malawi ikisema haiendi Hague je?