Naomba ushauri: nataka kupandikiza nywele Uturuki, uwaraza unanimaliza nikiwa na miaka 27

Fundi wa Tandika (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Nina miaka 27, naishi Dar. Tangu nipo chuo nywele za mbele zinarudi nyuma, pembe zote mbili zimekwisha na sasa hata pale katikati zimebaki nyepesi. Baba na ami zangu wote wako hivyo. Kazini naitwa mzee na watu wanaonizidi umri.

Kuna kliniki ya Istanbul nimeongea nao kwa wasap. Wameangalia picha, wakasema wataweka grafti 4,500, yaani mashina ya nywele ya kuhamishwa, kwa siku moja na nitapata ujazo kamili. Bei ina hoteli na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege. Swali langu ni moja tu: kwa waliowahi kwenda, nikae kule siku ngapi baada ya kupandikizwa? Na je, zinaota kweli kwa nywele zetu?

Nimeambatanisha picha za mbele na za juu.

Mzee wa Kilosa
Mdogo wangu, nyoa zote, paka mafuta, tembea. Mimi nina upara tangu nikiwa na umri wako na nimeoa, nimesomesha, nimezika wazazi wangu kwa heshima. Hiyo hela nunua kiwanja.

Abou Tanga
Mkuu nenda, usisikilize watu. Mimi nilifanya hukohuko Istanbul na leo nachana nywele. Wanakudunga ganzi, hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko zote, halafu unalala kifudifudi wanatoa za kisogoni, mnakula, unageuka wanapanda mbele. Siku ya pili au ya tatu paji la uso linavimba mpaka macho yanakuwa madogo, usiogope, linashuka lenyewe. Mimi nilikaa mpaka waliponiosha kichwa mara ya kwanza na kunionyesha namna ya kuosha mwenyewe, ndipo nikapanda ndege.

Kitu kimoja hawakunisisitizia: zile zilizopandwa zinadondoka karibu zote ndani ya wiki chache za mwanzo. Nilidhani nimeibiwa. Zikaanza kuchomoza tena mwezi wa nne hivi, na matokeo yenyewe nikayaona baada ya mwaka.

Kinyozi Mbagala
Sisi vinyozi tunaviona vichwa vingi. Nywele za kisogoni hata mtu akiwa na upara haziishi, ndiyo maana wanazitoa pale. Na wakizing'oa zinaota tena kama mchicha, kwa hiyo hata wakikosea unarudia.

Shamsa wa Muscat
Kinyozi, hilo la kwanza ni kweli, la pili si kweli, na ndilo linalowaponza watu. Nimefanya kazi ya usaidizi kwenye kliniki ya kupandikiza nywele huku Oman, kutoa na kupanga grafti ndiyo ilikuwa kazi yangu. Shina likishatolewa kisogoni, tundu lile halioti nywele tena. Tunachofanya ni kuhamisha. Za kisogoni zikiisha, hakuna duka la kununua nyingine.

Mleta uzi, umeweka picha ya mbele na ya juu. Kisogo kiko wapi? Daktari makini anaanza kutazama kisogo kabla ya paji.

Fundi wa Tandika
Dada Shamsa ahsante. Kisogo kiko sawa tu, nywele zipo nyingi. Kliniki nao hawakuomba picha ya nyuma. Tarehe nimeshapangiwa kwa hiyo naomba tujikite kwenye swali, nikae siku ngapi?

Mama Pacha
Mimi nilidhani ni mambo ya wanaume tu. Zangu zimeisha pembeni, usawa wa masikio, kwa kusuka rasta ndogondogo na kubana tangu niko msingi. Kuna saluni iliniambia nipake mafuta ya mnyonyo, nimepaka mpaka mto umebadilika rangi. Je na mimi naweza kupandikizwa?

Shamsa wa Muscat
Mama Pacha, za kukatika kwa kuvutwa zinaweza kupandikizwa vizuri sana, ila uwe umeacha kabisa kusuka kwa kubana na pale mahali pametulia kwa muda, hapapanuki tena. Ukianza kuona utosi nao unawaka, unauma na kuwa laini unang'aa, huo ni ugonjwa mwingine unaoua mashina kwa ndani. Ukipandikiza juu yake wakati bado unaendelea, na zile mpya zitakufa. Mwone kwanza daktari wa ngozi.

Fundi, nakuomba tena picha ya kisogo, ukiwa umenyoa.

Fundi wa Tandika
Haya dada. Kuna vipele kidogo chini ya kisogo, vya mashine ya kinyozi. Vinakuja vinapoa, vichache vimekuwa vigumu. Navaa kofia ngumu ya pikipiki kila siku ndiyo inavisugua. Sikuona kama vinahusiana, nywele zinapandwa mbele.

Kinyozi Mbagala
Hivyo ni vya mashine chafu. Apake spiriti.

Shamsa wa Muscat
Spiriti haitaviondoa, Kinyozi. Mashine chafu inaongeza, lakini hata mashine safi ikinyoa mpaka kwenye ngozi inavileta, kwa sababu ya jinsi nywele zetu zinavyojikunja. Vikigeuka vinundu vigumu, nywele zilizo ndani yake zinakufa na ngozi inakuwa kovu.

Fundi, nijibu kwa ukweli. Je, una kovu lolote mwilini lililovimba na kutanuka kupita jeraha lenyewe? Sikioni, begani, kifuani?

Fundi wa Tandika
Kifuani lipo moja. Lilianza kama chunusi, sasa lina ukubwa wa kidole gumba na linawasha. Lakini ni kifuani jamani, kichwa ni kitu kingine. Na malipo ya awali nimeshatuma, hayarudi. Tiketi nimekata. Siwezi kurudi nyuma kwa sababu ya chunusi.

Mpelelezi wa Uzi
Subirini kwanza. ID imefunguliwa wiki hii, uzi wa kwanza ni wa kliniki ya Istanbul, bei na hoteli vimetajwa mapema, halafu anakuja mtu wa pili anasema "nenda, nachana nywele". Kila tukiuliza kinazuka kitu kipya. Hii ni chai. Huyu ni dalali, kesho atawaambia mje inbox awape namba.

Abou Tanga
Mpelelezi, mimi nipo humu miaka. Sina kliniki, sina kamisheni.

Mzee wa Kilosa
Na mimi nilishaanza kuhisi hivyo. Kijana wa miaka 27 hela ya Uturuki anaitoa wapi?

Fundi wa Tandika
Nilifungua ID mpya kwa sababu ile nyingine ndugu zangu wanaijua. Sijataja jina la kliniki na sitalitaja. Hela ni ya mchezo, nilicheza miaka miwili kwa ajili ya hili, sijamwibia mtu. Picha ya kisogo hii hapa.

Shamsa wa Muscat
Iwe chai au isiwe chai, kuna atakayesoma hapa ana kisogo kama hiki, kwa hiyo nitajibu.

Nimeiona picha. Vinundu vimeshika sehemu ya chini yote, na kuna kiraka juu ya sikio la kulia hakina nywele. Sasa tupige hesabu ya akiba yako. Ukanda wa kisogoni na pembeni tunaochukulia kuwa salama, kwa mtu mzima, unakadiriwa sentimita za mraba 200. Kwa sisi wenye nywele za kipilipili, kila sentimita ina mashina kama 60, na kila shina lina unywele mmoja, miwili au mitatu. Jumla 12,000. Ukitoa zaidi ya theluthi, kisogo kinaanza kuonekana kimeliwa. Kwa hiyo ni 4,000, na hizo ni za maisha yako yote. Ondoa robo iliyoshikwa na vinundu, zinabaki 3,000. Halafu shina la nywele zetu limepinda hata chini ya ngozi, hulioni kwa juu, na kijisu cha kutobolea kikienda wima kinalikata. Mkono uliozoea hukata machache, usiozoea hukata mengi mno. Hizo 4,500 za siku moja zitatoka wapi?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hazihitajiki. Sehemu yako ya mbele kwa picha haizidi sentimita za mraba 80. Ukiweka 30 kwa kila sentimita, ni 2,400. Si ujazo wa utotoni, huo hakuna anayeweza kukurudishia, lakini nywele zilizojikunja zinafunika ngozi vizuri, na mtu aliyekaa mbele yako hataona upungufu. Kaka Abou, naomba usiudhike: nywele zako za kunyooka na zake ni kazi mbili tofauti.

Abou Tanga
Sijaudhika. Bibi yangu ni wa Yemen, nywele zangu ni za huko. Sikulifikiria hilo.

Fundi wa Tandika
Kwa hiyo siwezi kabisa?

Shamsa wa Muscat
Sijasema hivyo. Vinundu vya kisogoni si lazima viwe sawa na kovu la kifuani, ni magonjwa mawili ingawa yanafanana kwa macho. Kuna wenye vinundu waliotibiwa vikatulia, wakapandikizwa. Kovu la kifuani ndilo linalonitia wasiwasi, maana kila tundu kisogoni ni jeraha. Madaktari wenyewe hawakubaliani: wapo wanaokataa kabisa mtu mwenye kovu la namna hiyo, wapo wanaojaribu kwanza. Wanaojaribu wanatoa grafti chache, wanazipanda sehemu isiyoonekana sana, wanasubiri miezi kadhaa waone kama ngozi inavimba na kama nywele zinaota.

Lipo na la tatu. Una miaka 27 na zako bado zinadondoka. Ukijaza mbele leo bila dawa ya kuzuia, zilizo nyuma ya zile mpya zitaendelea kwenda, utabaki na kisiwa mbele na uwanja nyuma yake, na akiba imekwisha. Muulize daktari kuhusu finasteridi na minoksidili kabla ya kitu chochote.

Fundi wa Tandika
Finasteridi nimesikia inaua nguvu za kiume.

Shamsa wa Muscat
Wapo wanaopungukiwa hamu, ni wachache, na wengi wao wakiacha inarudi. Wapo pia wanaolalamika kwamba haikurudi hata walipoacha. Ndiyo maana nimesema daktari, si duka la dawa.

Kinyozi Mbagala
Dada Shamsa, sasa mtu kama huyu akija kwangu nimnyoe vipi?

Shamsa wa Muscat
Acha nywele fupi kisogoni, usishushe mashine mpaka kwenye ngozi, na wembe usiguse kabisa. Usimkwangue vinundu.

Mpelelezi wa Uzi
Kama si dalali, waulize hao kliniki hapa hapa kama wanafanya jaribio la grafti chache. Tuwekee jibu.

Fundi wa Tandika
Nimewauliza, nimewatumia na picha ya kisogo na ya kifua. Wamejibu dakika hiyohiyo: "Hakuna shida kaka, njoo, daktari atakuona siku ya upasuaji." Nikauliza nani anatoboa, daktari au wasaidizi. Wamesoma, hawajajibu mpaka sasa.

Nauli shirika limekubali kusogeza tarehe kwa kulipia tofauti. Malipo ya awali bado yananiuma. Hapa nyumbani naanzia wapi kwa hivi vinundu?

Mama Pacha
Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Mimi naenda mwezi ujao kwa ajili ya utosi wangu, maana dada alivyosema unang'aa nimeingia na kioo chumbani na kweli unang'aa.

Shamsa wa Muscat
Nenda Mama Pacha, usisubiri mwezi ujao ukiweza. Fundi, nenda na wewe, ukawaonyeshe na kifua. Na hiyo kofia ngumu weka kitambaa safi cha pamba ndani, ukifue kila siku.