Apu imemrudishia mteja 840,000 yangu kwa kitufe cha "Repor saldo", na aliyemwambia akibonyeze ni mimi!

Wakuu, nina hasira mpaka chai ya asubuhi imenishinda. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, na wateja wangu wengi ni ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wanaovukia Kilambo. Kiswahili wanaongea, Kimakonde wanaongea, hatujawahi kuhitaji mkalimani. Simu zao ndizo zinaongea Kireno.

Jumatatu alikuja mzee mmoja wa Palma. Alichukua mabati 24 ya geji 28 kwa 33,000 moja, na misumari ya bati kilo 8 kwa 6,000. Jumla 840,000. Noti hakuwa nazo, akasema mwanawe amemwekea apu inayolipa kutoka kwao hadi kwenye simu yangu. Tulipatana shilingi 40 kwa metikali moja, ikaja metikali 21,000. Akabonyeza, akanitumia skrinishoti Wasap.

Picha ilisema "Pagamento efectuado", chini yake "21.000,00 MT", na alama kubwa ya vema ya kijani. Zile nukta na mkato nusura zinitoe roho, nikadhani analipa metikali 21 tu. Akacheka, akaniambia kwao nukta ndiyo inatenga elfu, mkato ndio senti. Sawa. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo wa kijivu, "Estado: Pendente", halafu picha ikaishia hapo. Kwangu ikaingia meseji kwamba malipo yangu "yanashughulikiwa". Nikapakia mabati.

Jumatano salio langu bado lile lile. Nikampigia. "Baba, hela haijaingia." Akashtuka kweli kweli, "Mwanangu, kwangu imetoka!" Nikamwambia ashushe ukurasa chini anipigie picha nyingine. Ndipo nikaviona vitufe viwili ambavyo skrinishoti ya kwanza ilivikata. Kimoja cha kijani kinene, "Repor saldo". Kingine cha kijivu kilichofifia, maandishi membamba, "Confirmar recepção".

Mimi na Kireno changu cha kusikia sokoni nikajiona mjanja. Saldo ni salio, hilo liko wazi. Repor? Ripoti! Nikamwambia, "Baba, bonyeza hicho cha kijani, turipoti kwamba salio halijafika." Ikamuuliza "Tem a certeza?", una hakika? Akaniuliza tena mimi, nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu: nina hakika baba, bonyeza.

Dakika hiyo hiyo meseji ikaja kwangu: malipo yamefutwa.

Sasa mabati yako Palma na nusu yameshapigiliwa. Hela haiko kwangu wala haiko kwake, kwake imeandikwa "Reposição em curso", yaani kurudishwa kunaendelea. Nimeandika imeili huduma kwa wateja, wamenijibu kwa Kireno wakitaka "comprovativo". Nimefungua mipangilio ya lugha ya apu kwenye simu ya kijana mwingine, kuna Kireno na Kiingereza basi. Mnafungua huduma ya kulipa watu wa Mtwara, mnamwekea mzee kitufe cha kurudisha hela chenye rangi ya "endelea", na cha kumlipa muuzaji mnakififisha kama kimezimwa! Nani alikaa akachora hivi?

Fundi Rangi wa Magomeni
Pole, lakini umepigwa, mkuu. Skrinishoti si pesa. Hizo picha vijana wanazitengeneza kwa dakika mbili. Mzee wako tapeli, nenda polisi.

Muuza Bati (mwenye uzi)
Mzee angekuwa tapeli angepokea simu yangu? Na aliyesema bonyeza ni mimi, si yeye.

Niliishi Pemba
Fundi Rangi kasema kweli kuhusu picha, ila hapa wizi haupo. Hii ni apu ya kushikilia hela. Mnunuzi akilipa, fedha inatoka kwake na kukaa katikati mpaka athibitishe kwamba mzigo ameupata. Ndiyo maana ilisema "efectuado" juu na "Pendente" chini. La juu linasema yeye ametimiza upande wake, la chini linasema wewe bado. "Confirmar recepção" ndicho kilikuwa kitufe chako, yaani nimepokea mzigo, mpeni muuzaji hela yake.

Na hilo neno usijilaumu sana. "Repor" ni kurudisha kitu mahali pake, lakini watu wanalitumia pia kwa kujaza kilichopungua. Kwa hiyo hata Mreno akisoma "Repor saldo" anaweza kudhani anaongeza salio. Mabenki yakitaka kueleweka huandika "devolver", "reembolsar" au "estornar". Huyu aliyeandika "repor" alikuwa anafikiria hesabu zake za ndani, salio lirudi lilivyokuwa, hakumfikiria anayebonyeza.

Dada wa Likombe
Mimi juzi nimetuma elfu sabini namba imekosewa tarakimu moja, aliyepokea amezima simu. Na mimi nibonyeze hiyo Repor? Iko menyu ipi?

Niliishi Pemba
Hapana dada, yako ni kesi nyingine. Wahi kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wako kabla hajaitoa, akishaitoa inakuwa kazi.

Muuza Bati
Niliishi Pemba, niambie kitu kimoja. Nisingebonyeza chochote ingekuwaje?

Niliishi Pemba
Tafuta kwenye ile picha ya pili kama kuna "prazo". Ni muda wa mwisho. Apu nyingi za namna hii muda ukipita bila mnunuzi kulalamika, hela inaachiwa yenyewe kwa muuzaji.

Muuza Bati
Nimeiangalia. "Prazo: 72 horas." Alilipa Jumatatu saa tano asubuhi. Leo Alhamisi saa tano ingeingia yenyewe. Nyamazeni kidogo nikanywe maji.

Niliishi Pemba
Pole sana, ndugu. Sasa mzee asibonyeze kitu tena, na asilipe upya kwa apu hiyo hiyo mpaka "em curso" ibadilike iwe "concluída", yaani imekamilika, na salio lake alione limerudi. Ile "comprovativo" wanayoidai ni risiti yenye namba ya muamala. Iko kwenye simu yake, si yako, na skrinishoti iliyokatwa hawataikubali. Aipakue yote ikiwa faili.

Fundi Rangi wa Magomeni
Bado nasema ungechukua noti.

Mpakani Kwetu
Noti nazo uvuke nazo Kilambo usiku mfukoni? Mimi hiyo apu imenilipa mara tatu bila tatizo, ila wateja wangu wanajua Kireno. Nadhani wanabadilisha vitufe kila wanapoiboresha. Ya kwangu kijani kilikuwa upande mwingine, au nakumbuka vibaya.

Muuza Bati
Mzee kapiga simu sasa hivi. Bado "em curso". Anasema amekopa kwa shemeji yake metikali 8,000, Jumamosi atavuka nazo mwenyewe. Anauliza pia kama ninazo kofia za bati, maana alisahau kuchukua. Nimemwambia zipo. Sijamwambia bei.