Dobi kaharibu suti ya shemeji, anataka kunirudishia elfu 22 tu. Nifanyeje wakuu?

Kijana wa Shangani

Wakuu habari za majukumu. Niko Mtwara mjini, naomba ushauri wa haraka maana usingizi umepaa.

Nina suti ya krimu, ya shemeji yangu aliyemuoa dada. Aliniazima. Ikapata doa la bibo kifuani upande wa kulia, ukubwa wa kiganja. Jumamosi asubuhi nikaipeleka kwenye duka moja hapa mjini, nje wameandika drai klina kwa herufi kubwa. Wakaniambia kufua suti 10,000, kutoa doa 5,000, na kwa kuwa naitaka Jumapili jioni naongeza 7,000 ya haraka. Nikalipa yote.

Nimeipata Jumatatu, sio Jumapili. Doa limebaki, limegeuka njano iliyozungukwa na kahawia, kitambaa hapo kimekuwa kigumu kama karatasi. Na kola ya koti imetoa vijipele kama mkate uliomwagikiwa maji. Mwenye duka anasema atanirudishia 22,000 yangu yaishe. Suti ilinunuliwa 350,000. Nimeikataa hela yake na nimemwambia nakuja na mgambo. Shemeji anafika Alhamisi, Jumamosi ana harusi Masasi na suti ndiyo hiyo hiyo. Nidai vipi nipate hela yote?

Kipara Ngoto

Suti ya shemeji unaenda nayo kula mabibo? Wewe ulitakiwa uazimwe gunia.

Bi Shani Lindi

Pole mwanangu. Doa la bibo halina dawa, sisi tuliozaliwa huku tunalijua. Mimi kanzu ya marehemu mume wangu iliingia bibo siku mbili kabla ya Idi, nikaikamulia ndimu, nikatia chumvi, nikaianika juani. Mpaka alasiri limefifia, aliswali nayo. Jaribu ndimu. Halafu nyie vijana mnaazima azima sana nguo, zamani mtu alikuwa na shati lake moja na heshima yake.

Wakili wa Kijiweni

Mkuu angalia nyuma ya risiti. Kama wameandika "hatuhusiki na nguo itakayoharibika" basi huna kesi, ulishakubali masharti. Chukua 22,000 ushukuru.

Fundi Pasi

Wakili hapo umepatia nusu. Kuandika "hatuhusiki" hakumfanyi mtu achome nguo ya mteja halafu anyooshe miguu. Ila mpaka utakapomfikisha mbele ya mtu wa kuamua, hilo karatasi atakupunga nalo usoni, kweli.

Nimefanya kazi ya udobi Dar miaka tisa, minne kati ya hiyo kwenye mashine ya drai klini ya ukweli. Kabla ya kusema udai ngapi naomba vitu vitatu. Suti ni sufu au polista? Ile njano imekaaje, ni duara lenye ukingo au imesambaa koti zima? Na jibu hili kwa ukweli: kabla ya kuipeleka uliipaka nini?

Kijana wa Shangani

Sijui ni sufu au nini, lebo imefutika. Njano ipo hapo penye doa tu, kama sahani ndogo. Kupaka sikupaka chochote cha maana, nilijaribu tu maji kidogo. Swali langu ni namna ya kudai mkuu.

Fundi Pasi

"Chochote cha maana" ndiyo nini?

Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uuchome kwa kiberiti nje. Ukinuka nywele zilizoungua na kuvunjika majivu, ni sufu. Ukiyeyuka ukaacha punje ngumu, ni polista.

Mama Wawili Chuno

Samahani kuingilia, hivi hawa wa drai klina blanketi la kilo 6 wanafua bei gani siku hizi? Langu lilikaa wiki mbili wakanirudishia la mtu mwingine. Rangi ile ile ila langu lilikuwa na tundu la sigara ya baba watoto, hilo halina. Nikanyamaza.

Kipara Ngoto

Mama Wawili we ndiye ulipata faida, mwenzio sasa hivi anatafuta blanketi lisilo na tundu.

Kijana wa Shangani

Nimechoma. Imenuka nywele.

Haya, nilipaka jiki. Ijumaa usiku, kama nusu kikombe, nikasugua na kitambaa halafu nikasuuza. Lakini ilionekana kufifia wakuu! Na kazi ya dobi ni kutoa doa, hata kama nilipaka. Kalipwa elfu tano ya doa peke yake.

Fundi Pasi

Mkuu, hilo ndilo ungeanza nalo. Dobi ulimwambia?

Kijana wa Shangani

Hakuniuliza.

Fundi Pasi

Sawa. Sikiliza taratibu, maana hapa kuna uharibifu wa aina mbili na watu mnaufanya mmoja.

Ile njano na ugumu ni jiki. Sufu ni manyoya ya mnyama, na jiki inayala. Mwanzo inaweza kukudanganya kwamba doa linafifia, kisha panageuka njano, panakuwa pagumu, mwisho panachanika. Nusu kikombe bila kuzimua hakiishi kwa kusuuza mara moja, inabaki ndani ya kitambaa. Dobi akaja akaweka pasi ya mvuke juu, joto likamaliza kazi. Ndiyo maana imekaa duara la sahani pale pale uliposugua. Angekuwa dobi ndiye aliyeloweka koti kwenye jiki, njano ungeiona na chini kwenye pindo na mikononi. Hiyo njano, kwa sehemu kubwa, ni yako.

Vijipele vya kola ni vyake. Ndani ya kola kuna kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa gundi na joto. Koti la namna hiyo likizamishwa kwenye maji na kupigwa pasi kali, gundi inaachia na kitambaa cha juu kinavimba. Shika kola kwa vidole viwili usugue: ukisikia tabaka mbili zinateleza, zimeachana. Hapo muulize swali moja tu: mashine yako ya drai klini iko wapi, na unatumia dawa gani? Drai klini haitumii maji, inatumia kimiminika chake ndani ya mashine iliyofungwa. Kama nyuma ya duka kuna mashine ya kufulia na kamba za kuanikia basi, amekuuzia ufuaji wa maji kwa jina la drai klini. Hapo ndipo pa kubana.

Na uharaka nao umechangia. Doa la bibo ni la maji, kama la chai iliyokolea. Hata mashine ya kweli ingetoa mafuta na jasho, bibo ingeliacha. Lazima litolewe kwa mkono kabla: maji baridi, siki kidogo, kuloweka, kusubiri, kurudia, pengine siku mbili tatu. Na sabuni ya mche usiguse, inaligandisha. Anayekupokea Jumamosi na kukuahidi Jumapili hana muda huo, anabaki na pasi na bahati.

Bi Shani Lindi

Mbona mimi ndimu ilitoa?

Fundi Pasi

Kanzu ilikuwa pamba nyeupe mama, na doa bichi. Uko sahihi kwa pamba. Kwa huyu, tafadhali ndimu asipake kabisa: jiki iliyobaki ikikutana na ndimu au siki inatoa hewa ya sumu, ataikohoa.

Mzee wa Mikorosho

Nimesoma toka juu nimenyamaza. Sasa niulize. Huu ni mwezi wa nne. Mimi nina mikorosho Tandahimba, mabibo yanaanza kudondoka Septemba huko, mwaka mpya ukipita unatafuta kwa tochi. Huyu kijana amepata wapi bibo la wiki iliyopita? Labda lilikuwa kwenye friji. Wakuu tunakunywa chai hapa, tena bila vitumbua.

Kipara Ngoto

Duh. Chai imechemka.

Wakili wa Kijiweni

Nilihisi mapema. Mtu ana 350,000 kichwani kabla hajaulizwa. Huyu anatafuta maneno ya kwenda kumtisha dobi wa watu.

Mama Wawili Chuno

Mimi naona kama ni yule dobi mwenyewe kaleta uzi kupima upepo.

Kijana wa Shangani

Sio chai wakuu. Sikusema bibo la wiki iliyopita, nyie ndio mlidhani. Ni la Novemba. Nilikwenda nayo kwenye harusi Newala, wakati wa kurudi tukasimama shambani kwa rafiki. Lilichuruzika kidogo, halikuonekana, nikafuta na leso nikaitundika kabatini. Wiki iliyopita shemeji alivyosema anaitaka ndiyo nimefungua nakuta hudhurungi. Nikaogopa, ndiyo jiki.

Mzee wa Mikorosho

Hapo sasa umeongea. Maji ya bibo mabichi hayaonekani, yanakuja kuchungulia baadaye. Watoto wa shule tunawachapa Januari kwa mashati ya Oktoba.

Fundi Pasi

Miezi mitano. Doa la hivyo kwenye sufu ya krimu hata mimi ningekupokea kwa kuandika kwenye risiti: "doa la zamani, huenda lisitoke", ningelipiga picha mbele yako, na ningekuuliza ulipaka nini. Kama karatasi yake haina hata mstari mmoja wa hali ya nguo ilipopokelewa, hilo ni kosa lake, na linakusaidia wewe kwenye kola. Lakini 350,000 sahau. Tulikokuwa, nguo ikiharibika kwa mkono wetu kikomo kilikuwa mara kumi ya bei ya kufua, na nguo iliyovaliwa miaka hailipwi kama mpya. Kwa kola peke yake ukipata arejeshe 22,000 na aongeze kitu kati ya 50,000 na 80,000, mnaachana vizuri. Wapo watakaosema nimemwonea dobi, kwa kuwa koti lilishakufa kwa jiki kabla ya kola. Hilo nalo lina ukweli wake.

Kijana wa Shangani

Nilikuwa nimeshanunua rangi ya bluu iliyokolea nimpe mtu aichovye yote. Si itaficha?

Fundi Pasi

Haitaficha. Pale palipoliwa patashika rangi tofauti, nyuzi za mshono na bitana kama ni polista zitabaki krimu, na maji ya moto yatamalizia kola iliyobaki. Rudisha rangi dukani.

Bi Shani Lindi

Mpigie shemeji yako leo. Mtu wa harusi Jumamosi akijua Jumanne anapata ya kuazima. Akijua Ijumaa usiku, dada yako ndiye atakayelala macho.

Kijana wa Shangani

Nimetoka kwa dobi. Mgambo sikwenda naye. Kola inateleza kweli, nikamsugulia mbele yake. Nikamuuliza mashine iko wapi, akasema "iko tawini". Tawi liko wapi, akasema mafundi wanaitengeneza. Nikamwambia na la jiki, akanitazama muda mrefu. Ameahidi 22,000 na 40,000 juu, ila Ijumaa. Sijasaini kitu.

Shemeji sijampigia. Nimemtumia dada ujumbe, umesomwa, hajajibu.

Kipara Ngoto

Ukishajibiwa tuletee, mie niko hapa hapa na vitumbua.