Nimeuziwa simu feki, muuzaji ananionyesha maandishi ya chini ya risiti

Mla_Hasara:
Wakuu, mnisamehe nikiandika kwa ukali, maana hapa nilipo nimefura. Nilikwenda dukani, duka kabisa lenye kaunta na mashine ya risiti, nikaitaja simu ninayoitaka kwa jina na toleo lake, yenye GB 256. Muuzaji akaitoa kwenye boksi lenye nailoni, akaniambia "hii orijino, mimi siuzi makopi". Nikaiwasha palepale, ikawaka vizuri, kioo kinang'aa, kwenye Settings imeandikwa 256 GB. Nikalipa.

Imepita kama wiki mbili hivi. Nilikuwa narekodi video za harusi ya dada yangu, simu ikaniambia nafasi imejaa. Naingia Settings, bado inasema nina GB zaidi ya 200 hazijatumika! Nafuta video moja, inarekodi kidogo, inagoma tena. Nikajumlisha mafaili yote yaliyomo, hayafiki hata GB 25.

Nimerudi dukani. Jamaa hakutaka hata kuishika. Kaigeuza risiti, kanionyesha maandishi madogo kama mayai ya chawa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Halafu eti "wewe mwenyewe si uliiwasha ukaikagua ukaridhika?" Nikimbana sana anasema niongeze hela anipe nyingine. Niongeze hela juu ya wizi! Naombeni mnaojua, nina haki gani hapa?

Kijana wa Stendi:
Pole mkuu, lakini hapo umeliwa. Risiti imeshasema hairudishwi, na uliikagua. Sheria ya biashara ni mnunuzi ajihadhari. Kwanza umeangalia IMEI? Piga *#06#, linganisha na boksi. Zikifanana, simu ni orijino, labda ina hitilafu tu.

Mla_Hasara:
Zinafanana, na nikiitafuta mtandaoni hiyo namba inaleta toleo lilelile. Ndicho anachonipigia kelele muuzaji.

FundiBodi:
Huo ndio mtego wenyewe. Tarakimu 8 za mwanzo za IMEI ndizo zinazotaja aina ya simu. Wanaotengeneza feki wanachukua IMEI ya simu halali, wanaipandikiza kwenye bodi yao, kisha wanachapa namba hiyohiyo kwenye boksi. Kwa hiyo IMEI ikikataa, ujue kuna tatizo. Ikikubali, bado haijathibitisha kitu.

Ushahidi wako mzuri ni huo ujazo. Kwenye simu za namna hiyo programu imechezewa ili Settings itaje namba kubwa, wakati chipu iliyomo ni ndogo, mara nyingi GB 32. Ukiondoa nafasi ya mfumo wenyewe, inabaki hiyo ishirini na kitu uliyoiona. Usibishane naye kwa maneno. Hamishia humo mafaili makubwa kutoka kwenye kompyuta mpaka igome, mtu mwingine akikurekodi, kioo kionyeshe kwa pamoja "nafasi imejaa" na hiyo 256 GB ya uongo. Na usikubali fundi yeyote aifungue. Ikishafunguliwa, muuzaji atasema umebadilisha bodi.

Mama Pacha:
Hata mimi yalinikuta! Simu ilidondoka jikoni kioo kikapasuka, duka likakataa kunibadilishia na garantii ilikuwa bado haijaisha. Hawa watu hawana utu kabisa.

FundiBodi:
Mama, hiyo uliidondosha mwenyewe, ni habari nyingine. Ya mwenzetu ilitoka dukani ikiwa hivyo.

Mzee wa Vifungu:
Nimesoma yote. Kijana, hiyo ya mnunuzi ajihadhari ni ya kweli nusu. Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya (Sura ya 31) na Tanzania (Sura ya 214) zimetokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Zote zinaanza kwa kusema hakuna dhamana ya ubora isiyotamkwa, kisha zinatoa visa ambavyo sheria yenyewe inaiweka hiyo dhamana ndani ya mkataba, hata kama hakuna aliyeitaja.

Sasa tuchukue simu yako. Ungedai kwamba haifai kwa kazi uliyoinunulia, muuzaji angekujibu kwamba uliiomba kwa jina la kibiashara, hukutegemea ujuzi wake, na kifungu cha 16 kinampa upenyo huo. Usianzie hapo. Anzia kifungu cha 15: ulinunua kwa maelezo. Uliomba toleo fulani la GB 256, ukapewa kitu kingine kilichovishwa jina hilo. Baada ya hapo ndipo uje kwenye ubora wa kuuzika: mfanyabiashara wa simu akiuza simu, lazima iwe ambayo mnunuzi mwenye akili angeipokea kama simu ya aina hiyo.

Na hilo la "uliikagua" halimsaidii. Ukaguzi unakufunga kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ungezionyesha, kama mkwaruzo kwenye kioo. Ujazo wa uongo hauonekani kwa kuwasha simu kaunta.

Risiti nayo, alikupa kabla au baada ya kulipa?

Mla_Hasara:
Baada. Na imeandikwa "simu 1 nyeusi" tu, hakuna toleo wala ujazo.

Mzee wa Vifungu:
Basi hilo sharti limekuja mkataba ukiwa umeshafungwa. Kama hukuelezwa mapema, ni vigumu kusema ulilikubali. Kwa Kenya ni zaidi ya hapo: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inalibatilisha sharti linalomnyima mtumiaji dhamana hizo. Kwa kuwa risiti haitaji toleo, tunza boksi, na kama mlichati kabla hujaenda dukani, usifute kitu.

Linalonitia wasiwasi ni muda. Haki ya kuikataa simu na kudai hela yako yote inapotea ukishahesabiwa kuwa umeipokea, na kukaa nayo kimya kupita muda wa kiasi ni kuipokea. Kuna kesi ya Uingereza iliyoripotiwa mwaka 1987, mtu alinunua Nissan mpya, injini ikamfia baada ya takribani wiki tatu na maili kama 140, mahakama ikasema kwa kuirudisha amechelewa, abaki nayo alipwe fidia. Hukumu ile ililaumiwa sana, na haizifungi mahakama zetu, ila wakili wa muuzaji anaweza kuitaja.

FundiBodi:
Lakini mzee, injini iliharibika. Hii haijawahi kuwa simu aliyoiomba, tangu siku ya kwanza.

Mzee wa Vifungu:
Ningeitetea hivyohivyo. Ila siwezi kumwapia kwamba hakimu atakubali. Kwa hiyo leo hii andika barua: naikataa simu, sababu ni hizi, nataka hela yangu, ipo kwangu njoo uichukue. Sheria haikulazimishi kuibeba mpaka dukani, inatosha kumjulisha kwamba umeikataa. Halafu izime, toa laini zako. Ukiendelea kuitumia, barua yako inakosa nguvu.

Kijana wa Stendi:
Kwa nini asiwafuate tu kampuni walioitengeneza? Kadi ya garantii si ipo kwenye boksi?

Mzee wa Vifungu:
Kampuni gani, wakati simu si yao? Mkataba wake ni na aliyepokea hela.

Mla_Hasara:
Mrejesho. Barua nimepeleka, amekataa kuisaini, nikamsomea mbele ya mwenzangu na nakala nikamtumia kwenye simu. Usiku kanipigia, sauti imebadilika, anasema atanirudishia nusu tuyamalize, simu nibaki nayo.

Mzee wa Vifungu:
Piga hesabu kabla hujajibu. Hata ukishindwa kuikataa, fidia ni tofauti kati ya thamani ya simu uliyoahidiwa na ya hiyo uliyopewa. Kama hilo kopi ukiliuza kwa ukweli wake linapata sehemu moja ya tano ya bei uliyolipa, basi anadaiwa sehemu nne za tano. Nusu ni chini ya kiwango cha chini kabisa unachoweza kudai.

Mla_Hasara:
Nimemjibu hivyohivyo, na nimemwambia nataka zote. Ameisoma ujumbe, hajajibu.