Omena au mayai ya kuchemsha? Alama zimelingana

Wakuu, niko Kondele, Kisumu. Nimepima biashara tatu kwa alama 1 hadi 5. Kazi nyepesi na gharama ndogo ndizo zinazopata 5.

Kuku wa mayai wamepata 3 kwa kazi, 1 kwa gharama na 4 kwa wateja: 8, nimewaacha. Omena ni 2, 4, 5. Mayai ya kuchemsha na kachumbari ni 4, 4, 3. Zote 11!

Nikizidisha alama ya wateja mara mbili, omena inashinda 16 kwa 14. Lakini ile 5 niliikisia tu, ilhali ya mayai nilihesabu wanunuzi stejini jioni mbili. Je, nizidishe, au kwanza nikahesabu wanunuzi wa omena soko la Kibuye?