Tupeane uzoefu: tovuti ya kliniki binafsi, saa za kazi na madai ya tiba

Msamvu88
Wakuu, habari za jioni. Mnaotengeneza tovuti za kliniki, tupeane uzoefu. Kuna kliniki hapa Morogoro iko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Maabara inafunga saa 11 jioni. Daktari bingwa wa wanawake anaingia Jumanne na Alhamisi saa 10 jioni. Mwenye kliniki anataka ukurasa wa mbele useme "Tupo saa 24" na "Tunaponya kisukari kabisa". Nyie mnafanyaje?

BiMkubwa_Mapokezi
Saa 24 iondoe leo hii. Mtu ataleta mtoto mwenye degedege saa 8 usiku akute mlinzi peke yake, wakati angekuwa ameshafika hospitali ya mkoa.

Halafu usiweke saa za jumla tu. Mgonjwa anafuata kipimo au daktari fulani, kwa hiyo kila huduma iwe na mstari wake, na uandike saa ya mwisho ya kupokea watu. Kama mlango unafungwa saa 2 usiku, mgonjwa wa mwisho aandikishwe saa 1:30. Maabara ikifunga saa 11, sampuli zisipokelewe baada ya saa 10:30.

Sasa tazama ratiba yako. Bingwa anaanza saa 10 na maabara inaacha kupokea saa 10:30. Mama atakayemwona saa 12 jioni akaandikiwa kipimo, lazima arudi kesho. Ama maabara ichelewe kufunga siku hizo mbili, au tovuti iseme wazi chini ya jina la daktari: "Vipimo vitakavyoandikwa baada ya saa 10:30 jioni vitachukuliwa siku inayofuata."

Juma_Msimbo
Nyongeza kwa fundi. Ukurasa wenyewe uandike kwa saa zetu, ukitaja asubuhi, jioni au usiku. Lakini ndani ya msimbo unaosomwa na Google saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, hivyo saa 2 asubuhi ni 08:00 na saa 2 usiku ni 20:00:

```json
"openingHoursSpecification": [{
  "@type": "OpeningHoursSpecification",
  "dayOfWeek": ["Monday","Tuesday","Wednesday",
    "Thursday","Friday","Saturday"],
  "opens": "08:00",
  "closes": "20:00"
}]
```

Kosa ninaloliona sana ni fundi kuandika 02:00 na 14:00. Utaligundua ukitafuta jina la kliniki kwenye simu saa 10 jioni: mlango uko wazi, simu inasema imefungwa.

Kapteni_SEO
Ukishaweka huo msimbo basi, Google inakupandisha juu ya kliniki zote za mji.

Juma_Msimbo
Hapana, kaka. Unaisaidia Google kuelewa ukurasa, haukuhakikishii nafasi. Na saa zinazotokea kwenye ramani mara nyingi hutoka Google Business Profile, kwa hiyo ukibadilisha tovuti badilisha na huko.

Duka_la_Dawa_Tanga
Samahani wakuu, mimi nina duka la dawa. Tovuti ya kawaida ni bei gani?

Meno_Mvita
Huku Mombasa kwetu ni kliniki ya meno, na kinachotusumbua ni Ramadhani na Idi. Saa za mwezi mzima tunaziweka mapema, lakini siku ya Idi inategemea mwezi kuandama. Kwa hiyo tunaandika "Idi: tumefunga, siku itathibitishwa hapa usiku wa kuamkia", na mtu mmoja wa mapokezi ana nywila ya kubadilisha. Akiachiwa fundi aliyelala, hakuna kitu.

Tabibu_Kihonda
Nirudi kwenye kisukari, maana hapo ndipo mtu anaumia. Akisoma "tunaponya kabisa" anaweza kuacha insulini. Wapo wenye aina ya 2 waliopungua uzito sana, sukari ikakaa vizuri bila dawa, lakini inaweza kurudi na bado wanahitaji kupimwa. Hiyo siyo ahadi ya kubandika kwenye bango.

Andika mnachofanya: "Tunapima sukari ya kufunga na HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, tunapanga dawa na lishe, tunakagua miguu. Kwa uchunguzi wa macho tunakupa rufaa." Sentensi ya rufaa usiifute, ndiyo inayomfanya mgonjwa aamini zile nyingine. Chini ya kila daktari weka jina kamili, fani na namba yake ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Neno "bingwa" liandikwe tu kwa aliyesajiliwa hivyo.

Msamvu88
Nashukuru sana, ratiba ya maabara nampelekea kesho. Na bei ya kumwona daktari, iwekwe?

BiMkubwa_Mapokezi
Iwekwe, pamoja na tarehe ilipoanza kutumika. Mtu ajue nauli na ada kabla hajatoka nyumbani.

Tabibu_Kihonda
Ya kumwona daktari sawa. Ya upasuaji mdogo mimi sikubali, kwa sababu haijulikani mpaka kidonda kionekane.

BiMkubwa_Mapokezi
Basi andikeni "kuanzia".

Tabibu_Kihonda
"Kuanzia" ndiyo inayoleta ugomvi dirishani, dada.